"Daktari, sina hamu na usiku silali": ujumbe huu unavyosomwa upande wa pili

Ujumbe huwa mfupi, na mara nyingi hutumwa usiku wa manane kwa saa za huko aliko mwandishi. Huu hapa umetungwa kwa ajili ya makala hii, lakini aliyewahi kupokea jumbe za wagonjwa mtandaoni atautambua mara moja:

"Habari daktari. Mimi ni mwanafunzi wa kiume, miaka 24, niko masomoni nje ya nchi. Shida yangu ni nguvu za kiume, zimeisha kabisa, sina hamu na mtu yeyote. Usiku silali. Pia nimekuwa mpweke sana. Naomba unielekeze dawa. Samahani kwa usumbufu, haya mambo siwezi kumwambia mtu hapa."

Kwa aliyeandika, kila kitu kimeshasemwa, tena kwa ujasiri. Kwa daktari, karibu hakuna alichoweza kukishika. Hajui kipi kilianza, kina muda gani, wala "silali" maana yake nini. Neno linalompa shida zaidi kuliko yote ni lile ambalo mgonjwa ana hakika nalo kabisa: nguvu za kiume.

Katika Kiswahili cha kila siku neno hilo ni kapu. Humo ndani kuna mtu asiye na hamu ya tendo la ndoa, mtu mwenye hamu lakini uume hausimami au unalegea katikati, mtu anayefika kileleni mapema kuliko anavyotaka, na hata mtu anayehofia kutopata mtoto. Hayo ni matatizo manne, na kila moja lina njia yake. Mwanafunzi wetu kwa bahati ameongeza "sina hamu na mtu yeyote", na maneno hayo matano ndiyo yanayofungua mlango, kwa sababu dawa anazozifikiria, sildenafili na ndugu zake, hazitengenezi hamu. Kazi yake ni kulegeza mishipa ili damu iingie kwenye uume pale mwili unapokuwa umeshaamka kimapenzi. Akiimeza mtu asiye na hamu, atakachopata ni uso kuwaka na kichwa kuuma, kisha atajiambia kwamba hata dawa imeshindwa. Wengi hufika kliniki wakiwa wameshapita hapo.

Kwa hiyo swali la kwanza la daktari mzuri litakuwa la ajabu kidogo: ukiamka, uume huwa umesimama? Usilione kama udaku. Mwanamume mzima mwenye afya husimamisha mara kadhaa usiku bila kuwaza chochote, hasa wakati wa usingizi wa ndoto, na ile anayoikuta akiamka ni ya mwisho katika mfululizo huo. Ikiwepo, mishipa ya damu na ya fahamu inafanya kazi, na tatizo huenda liko kwenye hamu yenyewe, yaani kwenye akili, uchovu, dawa au uhusiano. Isipokuwepo, kuna jambo moja la kuangalia kabla ya kuogopa. Usingizi wa ndoto hujilundika kwenye theluthi ya mwisho ya usiku. Mtu aliyelala saa 9:30 usiku na kuamshwa na kengele saa 3 asubuhi amekatiwa sehemu hiyo hasa, kwa hiyo asijipime siku za masomo. Aangalie siku aliyolala mpaka akaamka mwenyewe.

Halafu kuna mpangilio wa tarehe, na hapa ndipo ujumbe mmoja unapoweza kuokoa wiki nzima ya kuulizana. Hamu, upweke na usingizi ni nyuzi tatu za kamba moja, na ukivuta mmoja mingine hufuata. Lakini tiba hutegemea ni upi uliokatika kwanza. Hamu ikipotea wiki 3 baada ya kuanza kidonge fulani, wakati usingizi ulikuwa mzuri, kidonge ndicho mtuhumiwa. Furaha ya kila kitu ikizimika kwanza, hata mpira na muziki, kisha usingizi ukaja kuvurugika, daktari atafikiria sonona. Usingizi ukiharibika kwanza, mengine yakifuata mwezi au miezi miwili baadaye, kuna uwezekano mkubwa kwamba kinachohitaji kutengenezwa kwanza ni usiku.

Daktari aliporudisha maswali, majibu ya mwanafunzi yalikuwa haya. Alifika chuoni miezi 7 iliyopita. Nyumbani wako mbele yake kwa saa 7, maana yake kwake ikiwa saa 5 usiku, nyumbani kunakucha, saa 12 asubuhi. Ndipo simu zinapoanza kuita: mama ameamka, mchumba ameamka, kundi la familia limechangamka. Alizoea kuongea nao mpaka saa 7 au saa 8 usiku. Mwezi wa tatu usingizi ulianza kugoma hata siku zisizo na simu. Mwezi wa tano uchumba ulivunjika. Mwezi wa sita aligundua kwamba hana hamu, hata ya kujichua. Uume husimama asubuhi za Jumamosi na Jumapili, siku za masomo hapana. Hanywi pombe. Anakunywa vinywaji vya kuchangamsha viwili kwa siku, cha mwisho saa 11 jioni. Mara mbili au tatu kwa wiki humeza kidonge cha mzio kinacholetea usingizi, alichonunua dukani bila cheti cha daktari.

Alipoulizwa analala saa ngapi, jibu la kwanza lilikuwa "napanda kitandani saa tano na nusu, napata usingizi saa tisa na nusu". Huu ni mtego kwa Waswahili wote wanaoandikia kliniki ya mtandaoni. Saa tisa na nusu yetu ya usiku ni 03:30 kwenye skrini. Fomu ya kliniki ikijazwa 9:30 PM, kwenye faili atakuwa mtu anayelala mapema kama kuku, na ushauri atakaopewa utamwendea kinyume. Andika saa kwa tarakimu za simu yako, 23:30 au 03:30, na uongeze neno "usiku" au "asubuhi". Ni kosa dogo linalobadilisha utambuzi wa ugonjwa.

Sasa tuziweke saa zake mezani. Siku za masomo: kitandani 23:30, usingizi 03:30, kengele 09:00, kipindi cha kwanza 10:00. Amekaa kitandani saa 9 na nusu, amelala saa 5 na nusu. Siku za mapumziko: usingizi 03:30, anaamka mwenyewe 11:00, amelala saa 7 na nusu, tena usingizi wa pono. Kwenye mistari hiyo miwili limo jambo ambalo neno "silali" lilikuwa limelificha. Mtu mwenye kukosa usingizi kwa maana ya ugonjwa halali vizuri hata akipewa siku nzima. Huyu akiachwa analala vizuri sana, ila kwa saa zilizohama. Saa ya ndani ya mwili wake imechelewa, na chanzo chake kinaonekana: mwanga, maongezi na msisimko wa simu kila usiku, kisha asubuhi yote gizani nyuma ya pazia.

Tofauti hiyo si ya kitabuni tu. Mwenye usingizi wa mang'amung'amu, anayezinduka saa 10 alfajiri na mawazo mazito na asirudi tena kulala, huelekezwa kwingine, na huyo ndiye daktari atakayemchunguza sonona kwa makini zaidi. Vidonge vya mzio vya usingizi, kwa mfano difenihidramini au promethazini, havirudishi saa ya mwili nyuma. Vinamlaza tu, na mabaki yake humwacha na kichwa kizito mpaka mchana. Uzito huo anapambana nao kwa vinywaji vya kuchangamsha. Kafeini nayo huchukua takriban saa 5 kupungua nusu mwilini, kwa hiyo kopo la saa 11 jioni bado lina nusu ya nguvu zake saa 4 usiku. Amejenga kinu kinachojizungusha chenyewe.

Na hamu? Sehemu kubwa ya testosteroni ya mwanamume kijana hupanda akiwa usingizini. Katika jaribio dogo lililochapishwa mwaka 2011, vijana 10 wenye afya walilazwa saa 5 tu kwa usiku kwa takriban wiki moja, na testosteroni yao ya mchana ilishuka kwa asilimia 10 hadi 15. Huko si kuishiwa homoni. Ni kushuka kunakoweza kuonekana kwenye karatasi ya maabara na kumtisha mtu bure. Hapa vijana wengi hupotea: wanakwenda kupima alasiri, baada ya wiki ya kukesha, wanapata namba ya chini, kisha wananunua sindano au jeli ya testosteroni mtandaoni. Homoni ya nje huuambia ubongo kwamba kiwanda kinaweza kufungwa. Uzalishaji wa mbegu hushuka, wakati mwingine mpaka sifuri, na kurudi kwake huchukua miezi mingi.

Kipimo cha testosteroni kina masharti yake. Damu itolewe asubuhi, ukiwa hujala, na kwa mtu ambaye saa yake imehama kama huyu, ndani ya saa 3 hivi tangu aamke, baada ya siku kadhaa za kulala vya kutosha. Ikitoka chini, irudiwe siku nyingine kabla ya neno lolote kusemwa. Kwa miongozo ya Ulaya, zaidi ya 12 nmol/L kwa kawaida hakuna upungufu, chini ya 8 nmol/L upungufu unawezekana sana, na katikati hapo dalili ndizo zinazoamua. Daktari akipima, mara nyingi ataongeza prolaktini, homoni za tezi ya shingo, sukari na wingi wa damu. Kwa mwanamke mwenye malalamiko hayohayo ataongeza akiba ya chuma, kipimo cha mimba, na swali kuhusu njia ya uzazi wa mpango, kwani baadhi ya wanawake huona hamu ikishuka baada ya kubadilisha njia.

Dawa ziandikwe zote, kwa jina lililo kwenye boksi, miligramu, na tarehe ya kuanza. Watu huacha kutaja dawa za sonona kwa aibu, ilhali sertralini, fluoksetini, paroksetini na za jamii hiyo zinajulikana kwa kupunguza hamu na kuchelewesha kilele. Usiache ghafla, daktari anaweza kupunguza kipimo au kubadilisha. Taja pia tramadoli, bangi, dawa za nywele zenye finasteridi, na kitu chochote cha kujenga misuli. Kliniki kwa kawaida haikusemei kwa polisi wala kwa baba, na kilichofichwa ndicho huwa na jibu.

Kuhusu sonona, daktari alianza na maswali mawili ya kawaida: katika wiki 2 zilizopita, ni mara ngapi umekosa hamu au raha ya kufanya mambo, na ni mara ngapi umejisikia huzuni au kukata tamaa. Kila moja hupewa alama 0 hadi 3, na jumla ikifika 3 huendelea dodoso refu la PHQ-9, lenye maswali tisa ya sonona. Mwanafunzi alipata 3, kisha 9 kwenye dodoso refu. Mpaka ambao wengi huutumia ni 10, hivyo yuko mlangoni. Tena baadhi ya alama zake zilitokana na usingizi na uchovu, ambavyo dodoso lenyewe huvihesabu. Swali la tisa, la kuwaza ni afadhali ufe au ujidhuru, alijibu 0. Angejibu lolote zaidi ya hapo, mazungumzo ya hamu yangesimama na mengine yangeanza. Aliulizwa pia kama aliwahi kupitisha siku kadhaa akilala kidogo sana bila kuchoka, akiwa na nguvu na mipango isiyoisha. Kwa mtu wa namna hiyo dawa ya sonona ikitolewa peke yake inaweza kumrusha juu zaidi, na ni swali ambalo ujumbe wa mistari minne hauwezi kulijibu wenyewe.

Uamuzi ulikuwa kutompa dawa ya nguvu wala ya usingizi, na kuanza na saa. Ninaukubali, ingawa najua jinsi unavyomkatisha tamaa mtu aliyeomba kidonge.

Mpango wenyewe ulikuwa hivi. Kuamka kumefungwa saa 3 asubuhi kila siku, Jumapili ikiwemo, na ndani ya nusu saa yuko nje kwenye mwanga wa mchana kwa dakika 30, hata kukiwa na mawingu. Kwa nini asianze na saa 12 asubuhi kama wanavyoshauri wapenda nidhamu? Kwa sababu mwili hufikia kiwango chake cha chini cha joto takriban saa 2 au 3 kabla ya kuamka kwa asili, na kwa huyu hiyo ni kati ya saa 2 na saa 3 asubuhi. Mwanga mkali baada ya hapo huvuta saa ya mwili mapema. Kabla ya hapo huisukuma ichelewe zaidi. Anayejilazimisha kutoka alfajiri huenda akachelewa zaidi ya alivyokuwa, kisha akajilaumu kwa uvivu.

Kitandani anapanda saa 8 usiku, si mapema zaidi. Zile saa 4 za kugeukageuka ziliufundisha mwili kwamba kitanda ni mahali pa kuwaza. Ikipita kama dakika 20 macho makavu, anaamka, anakaa kwenye kiti mwanga ukiwa hafifu, anarudi usingizi ukimjia. Kila baada ya siku 3 saa zote mbili zinarudi nyuma kwa nusu saa: 01:30 hadi 08:30, kisha 01:00 hadi 08:00, kisha 00:30 hadi 07:30. Hapo anakaa, na akiona bado anasinzia mchana, anaongeza nusu saa upande wa kulala. Kinywaji cha kuchangamsha kimoja tu, kabla ya saa 7 mchana. Vidonge vya mzio basi. Siku 4 au 5 za mwanzo zitakuwa mbaya kuliko kabla, na aliambiwa hivyo waziwazi, maana wengi huacha siku ya tatu wakidhani mpango umewadhuru. Asiendeshe gari siku hizo.

Upweke nao haukuachwa uje wenyewe. Mwanasosholojia Robert Weiss mwaka 1973 aliutenganisha mara mbili: kukosa mtu mmoja wa karibu, na kukosa kundi la kuwa nalo. Mwanafunzi alikuwa na vyote viwili, kwa vyanzo viwili tofauti. Mchumba ameondoka, na hilo ni ombolezo, halina ratiba. Kundi hana kwa sababu nyepesi zaidi: asubuhi amelala, jioni anasubiri nyumbani kuamke. Mwili wake uko chuoni lakini saa zake ni za nyumbani. Dawa iliyopendekezwa ilikuwa kuhamisha simu, si kuikata. Saa 7 mchana kwake ni saa 2 usiku nyumbani, wote wamekaa, maongezi yananoga. Siku 3 kwa wiki, saa hiyo. Aliogopa mama atajisikia kutengwa, kwa hiyo alipewa hata maneno: "Mama, daktari amenipangia saa za kulala, nitakupigia mchana wangu, wewe ukiwa umepumzika." Mzazi anayesikia "daktari amesema" mara nyingi hapingi. Jioni zilizobaki wazi zikawekewa kitu kimoja chenye siku na saa maalumu na watu walewale, kwa sababu sura ngeni kila wiki haziondoi upweke.

Kabla ya kuufunga ujumbe wa kwanza, daktari aliomba vitu viwili ambavyo mgonjwa haoni umuhimu wake: nchi na mji aliko sasa hivi, na namba ya mtu wa karibu. Leseni ya daktari kwa kawaida ina mipaka, na kliniki ya nyumbani mara nyingi haiwezi kukuandikia dawa itakayokubaliwa na duka la ugenini. Damu itolewe na kituo cha afya cha chuo. Na ikitokea dharura, gari la wagonjwa halitumwi kwenye anwani ya barua pepe. Uvimbe kwenye korodani, maziwa kutoka kwenye chuchu, kichwa kuuma pamoja na kuona kwa pembeni kupungua, au kukoroma kwa kukatika pumzi, havisubiri mpango wa saa. Ni vya kuonwa ana kwa ana.

Siku ya 21 aliandika tena, safari hii kwa namna ambayo kliniki yoyote ingeifurahia:

"Habari daktari. Siku 7 za mwisho: kitandani 00:30 usiku, usingizi wastani 00:55, kuamka 07:30 asubuhi. Siku moja nilichelewa, ilikuwa sherehe. Kinywaji kimoja kwa siku, vidonge sijameza. Uume husimama asubuhi siku 5 kati ya 7. Hamu bado ni ndogo, lakini wiki hii nilimuona mtu nikamfikiria baadaye. Nikapime damu?"

Jibu: "Hongera kwa saa hizo, ndugu yangu. Bado usipime. Hamu huwa ya mwisho kurudi. Endelea wiki nyingine 4, ongeza nusu saa ya kulala, na ujaze tena dodoso siku ya 49. Hamu ikiwa palepale wakati huo, tutapima, asubuhi, ukiwa hujala. Ukianza kuwaza kujidhuru, usisubiri siku hiyo wala usisubiri mimi nijibu: piga namba ya dharura ya huko uliko."